Imeli ya rafiki aliyeshinda mahojiano ya uraia

Imeli ilikuwa ndefu, imeandikwa kwa simu, karibu bila nukta. Ilianza hivi: "Yaya, nimeshinda, lakini maswali hayakuwa yale tuliyosoma." Aliyeiandika ni mama mmoja wa Kivu ya Kusini anayeishi sasa Kentucky, nchini Marekani. Aliyeipokea anaishi Iowa. Wote wawili walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania, zoni moja, bomba moja la maji, na huko ndiko mdogo alipozoea kumwita mkubwa wake yaya ingawa hawakuzaliwa pamoja.

Ilikuwa mwezi wa Agosti 2025. Mama wa Iowa alikuwa amepata barua ya kumwita kwenye mahojiano yake tarehe 23 Septemba. Alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengine, na sababu hiyo ni mtoto wake wa mwisho.

Sheria ya Marekani inasema hivi: mzazi akiwa raia, mtoto wake aliye chini ya miaka 18, mwenye karte ya kukaa, anayeishi naye na kulelewa naye, anakuwa raia siku hiyohiyo, bila mtihani na bila kiapo chake mwenyewe. Kijana huyu alizaliwa wakati wa mvua za mwezi wa tatu, mwaka 2008. Lakini siku familia ilipoandikishwa kambini hakukuwa na cheti cha kuzaliwa, na aliyeandika aliweka tarehe 1 Januari 2008. Familia nyingi zilizopita kambini zina watoto wa tarehe 1 Januari, wakati mwingine wanne katika nyumba moja. Mbele ya serikali tarehe inayohesabika ni ile ya karatasi. Basi kijana angetimiza miaka 18 tarehe 1 Januari 2026, miezi miwili na zaidi kabla ya siku ambayo mama yake anajua alimzaa.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: kushinda mahojiano si kuwa raia. Mtu anakuwa raia siku ya kuapa, na siku hiyo inaweza kuja baada ya wiki kadhaa au miezi. Na anayeanguka kwenye Kiingereza au kwenye maswali ya historia na serikali anaitwa mara ya pili baada ya siku 60 hadi 90. Mama alihesabu kwa vidole. Kuanguka tarehe 23 Septemba kungemrudisha mbele ya afisa mwisho wa Novemba, au hata karibu na Noeli, halafu bado kungoja kiapo. Kijana angepita umri. Hangefukuzwa, karte yake ingebaki, lakini ingebidi ajaze fomu yake mwenyewe, alipe pesa yake mwenyewe na kufanya mtihani wake mwenyewe. Fomu hiyo inaitwa N-400, na tangu Aprili 2024 inagharimu dola 760 kwa karatasi au dola 710 kwa mtandao. Wenye kipato kidogo wanaweza kuomba kulipa dola 380. Kwa mama anayefunga nyama kiwandani usiku, hizo ni siku nyingi za kusimama.

Ndiyo maana alimwandikia mdogo wake wa Kentucky swali moja tu: "Walikuuliza nini?"

Jibu lilianza na mambo madogo. Afisa alimchukua kwenye kiti cha kungojea, na wakiwa bado wanatembea kwenye kolidoo akamuuliza amekuja na nani na amepita njia gani. Yeye alidhani ni salamu. Kumbe mtihani wa Kiingereza wa kusema hauna karatasi ya maswali: afisa anaupima kwa kumsikia mtu anavyojibu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hasa kwenye maswali ya fomu. Halafu wakaingia ofisini, akainua mkono wa kuume na kuapa kusema kweli, wakaketi.

Maswali ya historia na serikali yalikwenda haraka. Aliulizwa sita, akajibu sita, afisa akasimama hapo, kwa maana katika mtihani aliofanya yeye kulikuwa na maswali 100 ya kujifunza, afisa anauliza yasiyozidi 10, na sita yakiwa sawa yanatosha. Kusoma na kuandika alifanya kwenye kompyuta ndogo ya bapa, kwa kalamu ya plastiki. Hilo lilimshtua kidogo, kwa sababu nyumbani alikuwa amezoea daftari, na mkono unateleza juu ya kioo. Mtu anapewa hadi sentensi tatu za kusoma, moja ikiwa sawa inatosha. Na hadi tatu za kuandika afisa akizitamka, moja ikiwa sawa inatosha. Kosa dogo la herufi halimwangushi mtu kama maana imebaki. Kuandika neno lingine kabisa kunamwangusha.

"Lakini hayo, yaya, si kitu," aliandika. "Kazi iko kwenye fomu."

Fomu N-400 ina sehemu ndefu ya maswali yanayoanza kwa namna moja, "hev yu eva", yaani "umewahi hata siku moja". Umewahi kudanganya ofisi ya serikali? Umewahi kupiga kura Marekani? Umewahi kukamatwa? Umewahi kutesa mtu? Umewahi kuwa katika kundi lenye silaha? Watu wengi wanafundishwa na majirani kwamba dawa ya sehemu hii ni rahisi: jibu hapana, hapana, hapana, mpaka afike kwenye katiba na kiapo, kisha ujibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wanaimba hivyo kama watoto wa shule. Na wengine wanapita kweli, hadi afisa anapogeuza swali.

Yule wa Kentucky aligeuziwa. Afisa alifika kwenye swali la kutesa watu kwa sababu ya dini au kabila. Akajibu hapana. Afisa akamtazama akasema: neno hilo, "pasekyut", maana yake nini? Yeye alikuwa amelisikia mara mia, alikuwa ameliandika kwenye daftari kwa herufi za Kiswahili, na hakuwa na maana yake kwa Kiingereza. Alijua maana yake kwa mwili wake, kwa sababu ndiyo iliyomtoa kwao, lakini mdomo haukuwa na maneno. Akasema: "Watu wabaya wanakuumiza juu ya kabila lako. Mimi ndivyo walivyonifanya." Afisa akaandika, akaendelea. Haitakiwi maana ya kamusi. Maneno matatu manne mepesi yanatosha kumwonyesha afisa kwamba hujibu kama kasuku.

Hapa imeli inaleta jambo ambalo pengine ndilo la thamani kuliko yote, kwa maana halitokani na kutokusoma. Linatokana na Kiswahili chenyewe. Kwetu, mtu akiuliza "Hujawahi kukamatwa?" jibu la kawaida ni "Ndiyo, sijawahi." Ile ndiyo inakubaliana na maneno ya aliyeuliza. Kwa Kiingereza mambo yamegeuka: ukiulizwa vile ukajibu "yes" ukanyamaza, afisa hawezi kujua kama unasema hujawahi ama kwamba umewahi. Na maafisa wengi, wakitaka kumsaidia mtu, ndipo wanapouliza kwa kukana, "basi hujawahi kabisa kufanya hivi?" Mama huyo alijibu "yes" kwa swali la kuuza dawa za kulevya. Chumba kikanyamaza. Afisa akaweka kalamu chini na kuuliza tena polepole, na hapo ndipo akaelewa amesema nini, akatikisa kichwa na mikono pamoja.

Dawa aliyompa yaya wake ni hii: asijibu kamwe kwa neno moja. Aseme "no, neva", au arudie kitendo chote, "sijauza, hata siku moja". Jibu refu kidogo haliwezi kugeuzwa.

Maswali mengine yalimshangaza kwa namna nyingine, kwa sababu hakujua kama yanamhusu. Kuna swali linalouliza kama mtu ana cheo cha kurithi cha ukuu katika nchi nyingine. Mwamerika anayeandika swali hilo anafikiri watoto wa wafalme wa Ulaya. Lakini yule mama babu yake alikuwa wa nyumba ya mwami, na nyumbani bado kuna watu wanaomsalimia baba yake mkubwa kwa heshima ya ukoo ule. Alibaki kimya, akiogopa kwamba kukana ni uongo na kukubali ni kujiharibia. Mwisho aliuliza afisa alieleze kwa neno jepesi. Swali ni kwa ajili ya mwenyewe: wewe una cheo hicho, au uliwahi kuwa nacho? Yeye hana, wala hajawahi. Na hata aliye nacho hakataliwi. Anatakiwa tu akubali kukiacha siku ya kuapa.

Swali la makundi yenye silaha lilimgusa mahali pabaya. Fomu haiulizi jeshi na polisi peke yake. Inataja waasi, milisha, hata makundi ya kujilinda, na mtu wa Fizi au Uvira akisikia kujilinda anawaza moja kwa moja vijana wa kijiji na Mayi-Mayi. Marehemu kaka yake alichukuliwa msituni kwa nguvu akiwa na miaka kumi na sita. Je, hilo ni "ndiyo"? Alijibu kwamba yeye hapana, lakini kaka yake alichukuliwa. Afisa akafungua faili na kuuliza mwaka. Ndani ya faili lile kuna maneno aliyoyasema kambini Tanzania wakati alipohojiwa kama mkimbizi, na mwaka ulikuwa uleule. Kama ungekuwa mwingine, asingekuwa ametoka siku ile na karatasi ya kushinda. Mtu ambaye yeye mwenyewe alibeba silaha, hata kwa kulazimishwa, au aliyewapa wenye silaha pesa na chakula, asitegemee imeli ya rafiki. Huyo anahitaji mwanasheria wa mambo ya uhamiaji kabla ya kutuma fomu.

Na lile la kukamatwa. Wakati wa Nyarugusu wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka nje ya kambi bila kibali, na watu walitoka, kwa kuwa kuni haziji zenyewe. Siku moja alishikwa, akalala polisi usiku mmoja, asubuhi akaachiliwa. Hakuna mahakama wala karatasi. Aliyemsaidia kujaza fomu alimwuliza kama amefungwa gerezani, akasema hapana, na kisanduku kikawekwa alama ya hapana. Lakini swali linauliza pia kushikwa tu, na katika nchi yoyote. Alipolisikia kutoka kinywa cha afisa, alisema mwenyewe: ndiyo, Tanzania, usiku mmoja, kuni. Afisa akasahihisha kwenye kompyuta, na mwisho wa mahojiano akatia sahihi kwamba masahihisho ni ya kweli. Ikaisha hapo. Usiku mmoja wa kuni haumnyimi mtu uraia. Kuuficha baada ya kuapa kusema kweli ndiko kunakoweza kuleta shida, hata baada ya miaka.

Mama wa Iowa alisoma hadi hapo, akainuka kutafuta kopi ya fomu yake. Alikuwa ameijaza mwezi wa Februari kwa msaada wa mtu wa kanisani, akaituma, na tangu hapo alikuwa akisoma maswali 100 tu. Fomu yenyewe hakuwahi kuifungua tena. Na mdogo wake alikuwa amemwandikia kwamba kilichomsaidia kuliko kitabu, kuliko video, kuliko darasa la Jumamosi, ni kuisoma fomu yake mwenyewe kwa sauti kila jioni, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesoma habari za mtu mwingine na kutafuta makosa.

Alipata makosa mawili. La kwanza lilikuwa dogo, namba ya nyumba ya zamani. La pili lilikuwa la ndoa. Fomu ilisema ameolewa 2006. Yeye alikumbuka vizuri kwamba kambini alisema 2004.

Akapiga simu nyumbani. Mama yake mzazi amehama mara tatu na sasa yuko kwa ndugu upande wa Uvira. Cheti hana, picha hana, lakini kichwa anacho. Akacheka kwanza. Kisha akaeleza: ng'ombe walitoka 2004, ndipo ukaenda kwa bwana wako, kanisa mlikwenda 2006, mtoto wa kwanza akiwa tayari anatembea. Tarehe zote mbili ni za kweli. Moja ni ya kimila, nyingine ya kanisa, na kila mwandishi wa karatasi alikuwa ameuliza kwa namna yake. Mama wa Iowa alitengeneza sentensi mbili fupi za Kiingereza za kueleza jambo hilo, akazikariri hadi zikawa kama jina lake. Hii ni kazi ambayo walio nyumbani wanaweza kuwafanyia walio mbali, na mara nyingi hawajui kama wanaombwa kitu kikubwa: mwaka wa harusi, mwaka wa kifo cha mume wa kwanza, majina kamili ya watoto waliokufa wadogo, kwa sababu habari za familia zinaweza kuulizwa, lakini kumbukumbu za mtu aliyekimbia zina matundu.

Kwa wiki nne kijana akawa afisa. Mdogo wa Kentucky alikuwa amesisitiza hivyo: atakayekuhoji asiulize kwa maneno ya fomu, abadilishe. Kijana alifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Alivaa tai. Alimwuliza mama yake swali la kodi kwa namna tano, mara akikana, mara akirudi nyuma, mara akisimama katikati kumwuliza neno lina maana gani. Siku za mwanzo mama alijibu "yes" mara nne pasipostahili, mara moja akikubali kwamba amejaribu kupindua serikali ya Marekani. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Baada ya wiki mbili ulimi ulizoea "no, neva."

Maneno magumu aliyaandika kwenye daftari, upande mmoja jinsi yanavyosikika, upande wa pili maelezo mepesi. "Jenosaidi": kuua kabila lote. "Alijiensi": kuwa mwaminifu kwa nchi. "Bea amz": kushika bunduki kama sheria inataka. Hili la mwisho lilimsumbua kwa sababu nyingine. Amekimbia bunduki maisha yake yote, na sasa anaulizwa kama yuko tayari kuishika. Mdogo wake alikuwa amemweleza kwamba swali hilo linafuatwa na mengine mawili, kusaidia jeshi bila silaha na kufanya kazi za raia kwa faida ya nchi, na kwamba ambaye dini au dhamiri yake inamkataza kabisa kubeba silaha anaweza kueleza hivyo na kuomba kiapo kisicho na maneno hayo. Mama alilala nalo siku mbili. Akaamua atasema ndiyo, kama sheria inataka. Ni mama wa miaka hamsini kasoro. Hakuona nani angempa bunduki.

Kitu kingine alichojifunza ni kuomba. Sisi tunaona aibu kumrudisha mkubwa nyuma, tunaitikia kwa kichwa hata tusipoelewa. Mbele ya afisa wa uhamiaji adabu hiyo ni hatari. Kuomba arudie, au aseme kwa maneno mengine, kunaruhusiwa, na maafisa wenyewe wanaelekezwa kurudia na kubadilisha maneno. Ukimwomba, unaonyesha pia kwamba unajua Kiingereza cha kuomba. Mama alikariri sentensi mbili tu za namna hiyo na aliamua kuzitumia mapema, kwenye swali la kwanza gumu, ili aibu imtoke.

Kuna kimoja tu ambacho hakukichukua kutoka kwa imeli: majibu. Mdogo wake alikuwa ameorodhesha maswali sita aliyopewa pamoja na majibu yake, na moja lilikuwa jina la gavana. Gavana wa Kentucky si gavana wa Iowa, na maseneta pia ni wengine. Vilevile idadi ya maswali imebadilika tangu barua ile. Aliyetuma fomu kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 ana maswali 128 ya kujifunza, anaulizwa hadi 20, na anatakiwa kupata 12. Akikosea 9 ameanguka. Kinachohesabika ni siku fomu ilipotumwa, si siku ya mahojiano. Mama wa Iowa, kwa kuwa alituma Februari, alibaki kwenye mtihani wa zamani. Mtu anayesoma leo asijipime kwa kumi.

Tarehe 23 Septemba afisa wake alikuwa mwanamke mzee kidogo, mpole, mwenye sauti ya chini sana. Hilo hakuna aliyemwandaa nalo. Aliomba arudie mara tatu. Kwenye ndoa afisa alisimama, kama alivyotarajia, akasema faili inasema 2004. Akatoa sentensi zake mbili. Afisa akauliza: ng'ombe wangapi? Hapo Kiingereza kikamtoka bila kukumbuka daftari. "Sita," akasema, "na mbuzi. Baba yangu alitaka nane." Alipoulizwa kama hajawahi kudai kwamba yeye ni raia wa Marekani, swali la kukana kabisa, alivuta pumzi na kusema "no, neva". Kwenye kuandika alikosea sentensi ya kwanza, akapata ya pili. Alipewa karatasi ya matokeo, N-652, yenye alama kwamba ameshinda.

Hakumwandikia mdogo wake siku hiyo. Alingoja barua ya kiapo, maana hesabu yake ilikuwa bado haijafungwa. Ilifika, ikisema tarehe 17 Oktoba. Asubuhi hiyo alirudisha karte yake ya kijani mlangoni, akaapa pamoja na watu wengine ukumbini, akapewa cheti. Kijana alikuwa amekaa nyuma na watu wengine wa familia, hakuinua mkono, hakusema neno, na wakati mama yake alipomaliza kuapa naye akawa raia, siku 76 kabla ya ile Januari ya karatasi.

Wiki iliyofuata walikwenda kumwombea kijana paspoti, kwa kuwa uraia wa namna yake hauji na cheti chenyewe. Lazima mtu aonyeshe cheti cha mzazi, karte ya mtoto na uthibitisho kwamba ni mtoto wake. Jioni mama alikaa na simu akaanza kuandika imeli kwa mwanamke mwingine wa zoni yao ya Nyarugusu, aliyeko Ohio, anayengoja tarehe. Aliandika kwanza habari ya "ndiyo, sijawahi". Halafu akaandika: "Na upige simu kwa mama yako sasa, kabla hajasahau miaka."